Swichi inayopitisha fremu kabla haijaisha kuingia: ofisi itaona tofauti?

"Shikamoo mtaalamu. Ofisi yetu ina watu kama 60 na swichi tatu, zote za gigabiti 1. Programu yetu ya uhasibu huchukua karibu sekunde 25 kufungua faili lililoko kwenye seva. Muuzaji anasema swichi zetu ni za `store-and-forward` na ndizo zinazochelewesha, anataka tununue za `cut-through` zilizounganishwa kwa gigabiti 10. Kweli tutaona tofauti, au tunauziwa maneno?"

Marahaba. Kwa ufupi, aina ya swichi haitazigusa hizo sekunde 25. Gigabiti 10 zinaweza kukufaa, ila kwa sababu ambayo muuzaji wako hakuitaja. Hesabu ya jambo hili ni fupi, na ukishaielewa hutalazimika kuniamini mimi wala yeye.

Fremu ya Ethaneti, yaani kifurushi kimoja cha data, huingia kwenye poti ya swichi kidogo kidogo. Hutanguliwa na baiti 8 za kuiamsha poti, kisha ikaja anwani ya mpokeaji yenye baiti 6, anwani ya mtumaji yenye baiti 6, baiti 2 za kueleza aina ya mzigo, halafu mzigo wenyewe. Mwisho kabisa kuna baiti 4 za ukaguzi, ambazo kwenye vifaa utaziona zikiitwa `FCS` au `CRC`. Swichi ya `store-and-forward` hungoja fremu iingie yote, hupiga hesabu ya ukaguzi, ikikuta imeharibika huitupa, ikikuta nzima huitoa kwenye poti inayostahili. Swichi ya `cut-through` haina subira hiyo. Ikishasoma anwani ya mpokeaji inajua fremu inakwenda wapi, basi huanza kuitoa huku mkia wake ukiwa bado haujafika. Hapa chini nitaziita swichi ya kungoja na swichi ya kupitisha.

Kwa hiyo faida ya swichi ya kupitisha haizidi muda ambao fremu hutumia kuingia. Fremu kubwa ya kawaida ina baiti 1518, yaani biti 12,144. Kwenye waya wa megabiti 10 kwa sekunde, fremu hiyo huchukua milisekunde 1.2 kuingia. Kwenye megabiti 100 ni mikrosekunde 121. Kwenye gigabiti 1 ni mikrosekunde 12, na kwenye gigabiti 10 ni mikrosekunde 1.2. Swichi ya kupitisha nayo hungoja kidogo mpaka isome kichwa cha fremu, jambo ambalo kwenye gigabiti 1 huchukua karibu mikrosekunde 0.2, au zaidi kidogo ikiwa inakagua pia anwani za IP. Kazi nyingine za ndani, kama kutafuta anwani kwenye jedwali, zote mbili huzifanya.

Ukiziangalia namba hizo utaona kwa nini wazo hili lilikuwa na maana lilipozaliwa. Kampuni ya Kalpana ilipotoa swichi yake ya Ethaneti mwaka 1990, waya ulikuwa wa megabiti 10, na kungoja fremu nzima kwenye kila kifaa kulimaanisha zaidi ya milisekunde 1 kila unapovuka. Swichi tatu zingekula karibu milisekunde 4 kwenda tu, bila kurudi. Wakati huo kuanza kutoa fremu mapema kulikuwa faida ambayo mtumiaji aliweza kuihisi. Tangu hapo waya wa mezani umeongezeka kasi mara 100, na faida imepungua kwa kiasi hicho hicho. Sifa ya zamani imebaki kwenye vipeperushi.

Sasa tuje kwenye faili lako. Programu za uhasibu zinazofungua hifadhidata moja kwa moja kwenye folda ya seva zina tabia ya kuuliza maswali madogo madogo: nipe kipande hiki, ngoja jibu, nipe kingine, ngoja jibu. Tuseme kufungua faili moja kunahitaji maswali 4,000 ya namna hiyo, kila moja likingoja la kabla yake limalizike. Swali lenyewe ni fremu ndogo, tuseme baiti 150, ambayo kwenye gigabiti 1 huingia kwa mikrosekunde 1.2. Swichi ya kupitisha ingeokoa hapo kama mikrosekunde 1. Jibu lina kipande cha kilobaiti 4, yaani fremu tatu.

Hapo kwenye fremu tatu watu wengi hukosea hesabu kwa kuzidisha mikrosekunde 12 mara tatu. Swichi ya kungoja haisimamishi msafara mzima. Inapoitoa fremu ya kwanza, ya pili inaingia kwa wakati huo huo, na ikiitoa ya pili, ya tatu inaingia. Anayelipa ucheleweshaji ni msafara mzima kwa pamoja, mara moja kwa kila swichi, uwe na fremu tatu au milioni tatu. Ndiyo maana kunakili faili la gigabaiti 2 kutakwenda kwa kasi ile ile kupitia swichi ya aina yoyote kati ya hizi mbili: mwisho wa kazi hutofautiana kwa mikrosekunde 12 kwa kila swichi, kwenye kazi ya sekunde zaidi ya 16.

Basi kwa kila swali na jibu lake, swichi moja ya kupitisha ingekuokolea takriban mikrosekunde 13, na swichi tatu zingekuokolea karibu 40. Zidisha kwa 4,000 upate sekunde 0.16. Faili lako lingefunguka kwa sekunde 24.84. Na hiyo ni hali nzuri kupita zote, ambapo mtandao hauna mtu mwingine yeyote.

Igeuze hesabu hiyo, maana upande wa pili ndio wenye faida kwako. Sekunde 25 ukizigawa kwa maswali 4,000 unapata milisekunde 6.25 kwa kila swali. Swichi zako tatu za kungoja, kwenda na kurudi, zinahusika na mikrosekunde 40 tu za muda huo. Hizo milisekunde 6 nyingine zinakaa mahali, na mahali hapo panatafutika: diski inayozunguka hutumia milisekunde kadhaa kila inaposogeza kichwa chake, antivairasi hukagua kila kipande kinachosomwa, na kompyuta iliyoko kwenye waifai hungoja zamu yake hewani kwa milisekunde moja au zaidi, hasa chumba kikijaa. Hata kadi ya mtandao ya seva mara nyingi imewekwa isimsumbue prosesa kwa kila fremu, ikusanye kwanza kwa makumi ya mikrosekunde. Kwenye Linux ukiandika `ethtool -c eth0`, ambapo `eth0` ni jina la kadi hiyo, utaona kipimo hicho kwenye mstari wa `rx-usecs`. Mara nyingi ni kikubwa kuliko faida yote ya swichi moja ya kupitisha, na kinabadilishwa kwa amri moja bila kununua kitu.

Turudi kwenye mpango wa muuzaji, kwa sababu una kichekesho ndani yake. Anataka poti za mezani zibaki gigabiti 1 na viungo kati ya swichi viwe gigabiti 10. Swichi ya kupitisha haiwezi kupitisha fremu inayoingia kwa gigabiti 1 na kutoka kwa gigabiti 10. Ingeanza kuitoa, ingejikuta imemaliza kutoa kilichokwishaingia ilhali sehemu kubwa ya fremu bado iko njiani, na Ethaneti hairuhusu kukatiza katikati ya fremu. Kwa hiyo kila fremu inayotoka mezani kwenda kwenye seva itangojwa yote kwenye swichi ya kwanza, kama inavyongojwa leo. Ikielekea upande wa pili, kutoka gigabiti 10 kwenda 1, kuanza mapema kunawezekana, ila swichi nyingi nazo hungoja tu, na hata zikipitisha zinaokoa mikrosekunde 1.2. Mahali ambapo kupitisha kutafanyika kikamilifu ni kwenye swichi ya kati, ambako pande zote mbili ni gigabiti 10, na huko faida yote kwa fremu kubwa ni kama mikrosekunde 1.

Lakini linganisha jumla. Leo fremu kubwa inayotoka kwenye seva hadi mezani inavuka waya nne za gigabiti 1, na kila waya unadai mikrosekunde 12.1, jumla 48.6. Ukiweka gigabiti 10 kati ya swichi, na seva nayo ukaipa kadi ya gigabiti 10, utakuwa na waya tatu za mikrosekunde 1.2 na mmoja wa 12.1, jumla karibu 15.8, huku swichi zote zikiwa za kungoja. Ungebaki na gigabiti 1 kila mahali na kununua swichi tatu bora za kupitisha, jumla ingekuwa kama 12.7. Kwa maneno mengine, kuongeza kasi ya viungo kunakupa karibu yote ambayo kupitisha kungekupa, na juu yake unapata upana wa njia mara 10. Kati ya mambo mawili anayokuuzia, hili ndilo lenye thamani.

Upana huo ni muhimu kwa sababu ya foleni. Hapa ndipo ucheleweshaji wa kweli wa mtandao wa ofisi unapopatikana, na ndipo tofauti ya aina hizi mbili za swichi inapoyeyuka kabisa.

Swichi ya kupitisha hupitisha pale tu poti ya kutokea ikiwa huru. Ikikuta poti inatoa fremu nyingine, hata moja tu, haina la kufanya isipokuwa kuiweka fremu mpya kwenye bafa, yaani kumbukumbu yake ya muda, na kungoja. Fremu kubwa moja iliyo mbele yako kwenye gigabiti 1 inachukua mikrosekunde 12.3, ukihesabu na nafasi ya lazima kati ya fremu na fremu. Mikrosekunde 12.3 ni kubwa kidogo kuliko faida yote ya kupitisha. Basi ukimkuta mtu mmoja tu mbele yako kwenye foleni, umeshapoteza ulichokilipia kwenye swichi hiyo.

Na ofisini hakuwi na mtu mmoja. Chukua saa ambayo bakapu inaendelea. Kompyuta mbili zinasukuma data kwa kasi kamili kwenda kwenye seva yenye waya mmoja wa gigabiti 1. Gigabiti 2 zinaingia, 1 inatoka. Kwa kila milisekunde 1 ya msongamano huo, baiti 125,000 zinabaki kwenye bafa, sawa na fremu kubwa kama 80. Swali la programu yako ya uhasibu likifika wakati huo linakaa nyuma ya fremu hizo 80 na kungoja milisekunde nzima. Msongamano ukiendelea kwa milisekunde 4 na bafa ikaruhusu, linangoja milisekunde 4. Sasa zile milisekunde 6.25 tulizokuwa tunazitafuta zinaanza kuonekana. Bafa ikijaa kabisa, fremu zinatupwa, na hapo tunatoka kwenye milisekunde chache tunaingia kwenye mamia. Fremu iliyopotea mwishoni mwa mazungumzo mafupi, ikiwa hakuna nyingine nyuma yake ya kushtua upande wa pili, inaweza kungoja kipima muda cha TCP, itifaki inayorudia kutuma kilichopotea, na kwenye Linux kiwango chake cha chini cha kawaida ni milisekunde 200. Fremu moja iliyotupwa kwa namna hiyo inakula akiba ya maswali 5,000 kwa hesabu yetu ya mikrosekunde 40.

Utajuaje kama una tatizo hilo? Kaa kwenye kompyuta ya Linux mezani kwa mtumiaji, tuseme seva ni 10.0.0.20, uandike:

```
ping -c 200 -i 0.2 -s 56 10.0.0.20
ping -c 200 -i 0.2 -s 1472 10.0.0.20
```

Usitumie `ping` ya Windows kwa kazi hii, maana kwenye mtandao wa ndani itakwambia `time<1ms` na kunyamaza. Amri ya kwanza inatuma fremu za baiti 102, ya pili inatuma zile za baiti 1518. Mwishoni kila moja inaandika mstari wa `rtt min/avg/max/mdev`. Chukua `min` ya kila moja utoe ya kwanza kutoka ya pili. `min` ni ile ping iliyobahatika kukuta foleni tupu, kwa hiyo tofauti hiyo inaonyesha karibu muda wa kuingia kwa fremu peke yake, pamoja na kazi ndogo ya kompyuta zenyewe.

Kwa mtandao wako unapaswa kupata nini? Tofauti ya ukubwa ni baiti 1416, ambazo kwenye gigabiti 1 ni mikrosekunde 11.3 kwa kila waya. Waya ni nne, kwenda na kurudi ni mara nane: mikrosekunde 90, yaani milisekunde 0.09. Ukipata kati ya 0.09 na 0.13 njia yako ni nzima. Swichi zako zote zingekuwa za kupitisha, ungepata kama 0.03. Hapo umeipima kwa mkono wako faida yote unayouziwa, na ni milisekunde 0.06 hadi 0.07 kwa safari ya fremu kubwa kwenda na kurudi.

Ukipata kama 0.3, usishangae. Hiyo ni alama ya waya mmoja unaokwenda megabiti 100 badala ya gigabiti 1. Waya wa namna hiyo peke yake unadai mikrosekunde 113 kwenda na 113 kurudi, ukijumlisha na mitatu iliyobaki unafika 0.29. Mimi hukutana na hili mara kwa mara. Mara nyingine kompyuta imechomekwa nyuma ya simu ya mezani ya zamani ambayo swichi yake ndogo ya ndani ni ya megabiti 100. Mara nyingine ni waya wa ukutani ambao jozi moja kati ya nne imekatika au imebanwa vibaya kwenye kichwa chake: gigabiti 1 inahitaji jozi zote nne, megabiti 100 inatosheka na mbili, kwa hiyo vifaa vingi vinashuka kasi kimyakimya na taa inaendelea kuwaka. Thibitisha kwa `ethtool eth0` na utazame `Speed`, au kwenye Windows fungua PowerShell uandike `Get-NetAdapter` utazame `LinkSpeed`. Kurekebisha waya mmoja wa namna hiyo kunaokoa muda mwingi kuliko swichi tatu mpya za kupitisha.

Baada ya `min`, tazama umbali wake na `avg` na `max`. Rudia amri ya pili asubuhi kabla watu hawajaingia, kisha saa ambayo malalamiko huwa mengi. Kama `min` ni ile ile lakini `avg` imepanda kutoka milisekunde 0.4 hadi 3, kuna kitu kinapangisha foleni, iwe swichi au seva yenyewe kuzidiwa. Kutenganisha hayo mawili, tazama kwenye swichi hesabu za fremu zilizotupwa kwenye poti ya seva na kwenye poti zinazounganisha swichi. Kwenye vifaa vingi huandikwa `output drops` au `discards`. Zikiwa zinapanda saa hiyo hiyo, jibu ni upana: gigabiti 10 kwenye viungo hivyo na kwa seva, au bakapu ihamishiwe usiku. Zikiwa zimetulia, elekea kwenye seva. Sifuri peke yake haimalizi ubishi, kwa sababu foleni inaweza kurefuka na kufupika bila fremu hata moja kutupwa, lakini kwa msongamano wa kiasi cha kuongeza sekunde nyingi kwa kawaida huwa zinaonekana.

Na kabla ya yote hayo, ningekushauri unase mazungumzo ya kufungua faili hilo kwa Wireshark, programu ya kunasa na kusoma fremu. Kama folda inatumia SMB, itifaki ya Windows ya kugawana mafaili, chuja kwa `smb2.flags.response == 0` uone maswali ni mangapi hasa. Yangu ya 4,000 ni mfano tu, yako yanaweza kuwa 900 au 30,000. Kisha tazama `smb2.time`, yaani muda kutoka swali mpaka jibu lake. Ukinasa kwenye seva na kwenye kompyuta kwa wakati mmoja, utaona kama milisekunde zinapotea kabla seva haijajibu au baada ya jibu kutoka. Kipimo hiki kimoja kinamaliza mabishano ya siku nzima kati ya mtu wa mtandao na mtu wa seva.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawalitaji, na kwangu ndilo linalonifanya nizipendelee swichi za kungoja ofisini. Baiti za ukaguzi ziko mkiani. Swichi ya kupitisha inapofika mkiani na kugundua kuwa fremu imeharibika, kichwa chake kimeshatoka. Haiwezi kuirudisha. Baadhi huuharibu mkia kwa makusudi ili wa mbele ajue, lakini fremu yenyewe inaendelea na safari, inavuka swichi ya pili na ya tatu, ikila nafasi, mpaka ikutane na kifaa cha kuitupa.

Niliwahi kuitwa mahali ambapo fundi alikuwa ameshabadilisha waya mbili kati ya swichi na swichi kwa sababu hesabu ya `CRC` ilikuwa inapanda kwenye poti zake, na bado iliendelea kupanda. Waya hizo hazikuwa na kasoro. Swichi zilikuwa za kupitisha, na fremu mbovu zilizaliwa kwenye poti moja ya mezani, ghorofa nyingine kabisa, zikahesabiwa kila zilipopita. Njia ya kuutafuta ubovu kwenye mtandao wa namna hiyo ni kurudi kinyumenyume: kwenye kila swichi tafuta poti ambayo makosa yanaingilia, siyo inayoyatoa nje, ukiona poti hiyo imeunganishwa na swichi nyingine hamia huko, mpaka ufike kwenye poti ambayo upande wa pili wake ni kompyuta, printa au simu. Hapo ndipo penye waya mbovu. Kwenye swichi za kungoja hesabu ya makosa inapanda kwenye poti moja tu, ile ile yenye ugonjwa, kwa sababu fremu mbovu inafia mlangoni. Kwa ofisi ya watu 60 isiyo na mtu wa mtandao wa kudumu, urahisi huo una thamani kuliko mikrosekunde 12.

Sisemi kwamba swichi za kupitisha ni ulaghai. Kuna mitandao inayozihitaji kweli, na zote zina sifa moja: muda wote wa safari ni mikrosekunde chache, kwa hiyo kuondoa moja au mbili kunaonekana. Kompyuta nyingi zinazogawana hesabu moja kubwa na kusomeana kumbukumbu moja kwa moja ziko hivyo. Mifumo ya kununua na kuuza hisa kwa kompyuta, ambako anayefika kwanza ndiye anayepata, iko hivyo. Mitambo ya viwandani nayo ina sababu yake tofauti: vifaa huunganishwa mnyororo, kimoja nyuma ya kingine, na mara nyingi kwa megabiti 100. Vifaa 50 vikingoja kila kimoja mikrosekunde 121 kwa fremu kubwa, unapata milisekunde 6, na mashine inayotakiwa kupokea amri kila milisekunde 1 haiwezi kuvumilia hilo. Huko kupitisha ni sharti la kazi kufanyika.

Simu za mezani za intaneti, ambazo muuzaji anaweza kuzitaja baadaye, hazimo. Simu ya kawaida hutuma pakiti ya sauti kila milisekunde 20, na pendekezo la G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri. Pakiti hiyo ya sauti ni ndogo, kama baiti 218, na kwenye gigabiti 1 swichi ya kupitisha ingeiokolea mikrosekunde 1.5. Kinachoiumiza simu ni ile foleni ya bakapu, na dawa yake ni kuipa sauti kipaumbele kwenye swichi, kazi ambayo swichi za kungoja zinaifanya vizuri.

Kwa hiyo ukirudi kwa muuzaji, usibishane naye kuhusu `cut-through`. Mwambie akupe bei ya kadi ya gigabiti 10 ya seva na ya swichi za kawaida zenye viungo vya gigabiti 10, na umuulize bafa ya kila swichi ni kubwa kiasi gani na kama inahesabu fremu zilizotupwa kwa kila poti. Lakini fanya zile ping mbili kwanza, na unase ule ufunguaji wa faili. Ukikuta `smb2.time` ni milisekunde 6 iliponaswa kwenye seva yenyewe, usinunue swichi yoyote. Fedha hiyo ielekeze kwenye diski, na uanze kwa kumuuliza anayesimamia antivairasi kama folda ya uhasibu inakaguliwa kila inaposomwa.